"Njoo inboksi" haitoshi: kumjibu mteja aliyekasirika mbele za watu

Kuna jibu ambalo kurasa nyingi za biashara hapa Arusha hulitoa kila mtu anapolalamika hadharani: "Njoo inboksi tuongee." Wengine huongeza emoji ya mikono iliyokunjwa. Mwenye ukurasa anaona ameimaliza, maana amejibu haraka, hakutukana, na mazungumzo yamehamia chumba cha ndani. Mimi nasimamia kurasa za biashara ndogo za watu, na jibu hili nalipinga kila ninapolikuta. Anayepita na kusoma anabaki na lalamiko lililo wazi na jibu lililofichwa. Hajui kama mteja alisaidiwa, alizungushwa, au aliblokiwa.

Na hao wanaopita ndio wengi. Kwa kila anayeandika komenti wapo wengi wanaosoma kimya kimya, na baadhi yao wana hela mkononi wakijiuliza kama waitume au waache. Biashara yetu ya mtandaoni inaendeshwa kwa advansi. Mtu wa Moshi, Babati au Karatu anaona picha ya kabati, anatuma laki kadhaa kwenye Lipa Namba ya mtu ambaye hajawahi kumwona, kisha anasubiri. Kabla hajatuma, anafungua komenti. Hasomi zile za "hongereni sana", anatafuta aliyelia. Akimpata, anateremka chini kuona mwenye biashara alimjibu nini. Kwa hiyo unapomjibu aliyekasirika, unaandika barua itakayosomwa zaidi na watu wengine kuliko na yeye mwenyewe.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu. Mwenye biashara ameniruhusu, mradi nisimtaje yeye wala mteja.

Ni karakana ya sofa upande wa Njiro. Mwenyewe ni mama wa makamo, ana mafundi wanne, na ukurasa wa Facebook na Instagram anausimamia mtoto wa dada yake kwa msaada wangu. Jumamosi jioni waliweka picha ya seti mpya ya L, bei ikiwa imeandikwa, na tangazo wakalilipia ili liwafikie watu wa Arusha na Kilimanjaro. Saa mbili usiku ikaingia komenti hii, nainukuu kwa ruhusa, nimeondoa jina tu:

"Watu wa Mungu msidanganyike na picha. Hawa ni MATAPELI. Nimewapa laki nane zaidi ya mwezi sasa, kila nikipiga simu ni kesho, kesho. Sofa sijaiona hata mguu wake."

Ndani ya nusu saa palikuwa na majibu chini yake. Mmoja kaandika "pole mamy", mwingine "afadhali umesema, nilikuwa nataka kuagiza", mwingine kamtegi rafiki yake. Wa nne akasema: "Hata mimi walinifanyia hivyo hivyo."

Kijana wa ukurasa alikuwa ameshaandaa jibu na akanitumia kwanza kwa WhatsApp. Lilisema: "Dada acha kutuchafulia jina. Wewe wa Moshi," na hapo alitaja mtaa wake, "ulibadilisha rangi ya kitambaa mwenyewe baada ya kulipa, tuna ushahidi wote hapa tunaweza kuuweka." Nilimwomba asiguse kitu, nikampigia mama.

Swali langu la kwanza kwake halikuwa tujibu nini. Nilimuuliza: oda ni ipi? Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Watu wanabishana juu ya maneno kabla hawajafungua daftari. Mama alifungua daftari la oda, kijana akafungua mazungumzo ya WhatsApp na mteja, na mimi nikaandika pembeni tarehe tu, bila maelezo. Zilisomeka hivi: mteja alilipa advansi ya 800,000 kwa seti ya 1,400,000, akaahidiwa siku 14. Siku ya tatu akaomba kitambaa kibadilishwe kutoka kijivu kwenda kijani iliyoiva. Karakana ikakubali na kumwambia, kwa maandishi, "basi hesabu wiki mbili kuanzia leo." Rangi hiyo haikupatikana madukani Arusha, ikaagizwa Kariakoo. Wiki mbili zikapita. Simu zake tatu zilijibiwa "kesho". Siku aliyoandika komenti ilikuwa ya 37 tangu alipe.

Ukiziangalia tarehe hizo bila hasira unaona kwamba ndani ya komenti yake kuna vitu viwili vilivyoshikana, na kazi yako ni kuvitenganisha. Cha kwanza ni tukio: amelipa, amecheleweshwa kupewa, ameambiwa kesho mara kadhaa. Hilo ni kweli tupu. Cha pili ni jina alilowabandika, matapeli. Hilo si kweli, maana fremu yake ilikuwa imesimama karakanani na sponji imeshagundishwa. Mwenye biashara anaumia kwa jina, kwa hiyo mkono wake unakwenda kulijibu jina. Anaandika "sisi si matapeli", na hapo analirudia neno lile lile, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe, chini ya nembo yake mwenyewe. Msomaji wa kimya hawezi kupima kama wewe ni tapeli au si tapeli. Anachoweza kupima ni kama tukio limejibiwa. Jibu tukio, jina liache litembee lenyewe.

Je, ile habari ya kubadilisha rangi? Ni kweli, na mama alitaka iingie. "Mdogo wangu, watu wajue si mimi peke yangu," aliniambia. Nilimwelewa kabisa, lakini nilipinga. Mabadiliko ya rangi yanaeleza kwa nini siku 14 za mwanzo hazikutimia. Hayaelezi kwa nini wiki mbili za pili, ambazo karakana yenyewe ilizitaja, nazo zilipita. Ukiitoa sababu hiyo hadharani, mteja atakwenda kwenye simu yake, atachukua picha ya ujumbe wenu wa "hesabu wiki mbili kuanzia leo", na kuuweka chini ya jibu lako. Sasa una lalamiko lenye ushahidi, na umelitengeneza mwenyewe. Kabla hujatoa sababu yoyote mbele za watu jiulize: mteja ana kitu gani kwenye simu yake kinachoweza kuijibu?

Kulikuwa na tatizo kubwa zaidi kwenye rasimu ya kijana, nalo ni mtaa. Kumtaja mteja anakoishi, kuweka skrinshoti ya mazungumzo yake, au kubandika ujumbe wa muamala wenye jina na namba ya simu, ni kumwanika mtu kwa sababu tu alilalamika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taarifa ulizopewa ili upeleke sofa ni za kupeleka sofa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mfikirie yule anayesoma kimya. Anaona kwamba siku akilalamika, namba yake itaanikwa. Hamtumii hela mtu wa namna hiyo.

Kijana pia alikuwa na wazo la kufuta. Hapa inafaa kujua vitufe vinafanya nini, kwa sababu watu wanavichanganya. Kwenye Facebook, ukiwa msimamizi wa ukurasa una `Delete` na una `Hide comment`. Ukifuta, komenti inaondoka na majibu yaliyo chini yake yanaondoka nayo, na aliyeandika akirudi ataona haipo. Ukificha, yeye na marafiki zake wanaendelea kuiona kama kawaida, wengine hawaioni. Instagram nako kuna `Restrict`: komenti za huyo mtu anaziona yeye peke yake mpaka wewe uziruhusu. Vyote vina mahali pake. Kwenye uzi ule, baadaye usiku, mtu mmoja aliingiza tusi la kabila na mwingine akaweka namba ya "mganga anayerudisha hela zilizotapeliwa". Hizo mbili tulipiga picha kwanza kwa kumbukumbu, kisha tukaziondoa bila kumuuliza mtu.

Komenti ya mteja ni habari nyingine. Mteja halisi mwenye dai la kweli ukimfuta, hasira yake inapata kichwa kipya cha habari. Atarudi na skrinshoti aliyoichukua, safari hii haandiki kwenye ukurasa wako ambako unaweza kumjibu, anaandika kwenye magrupu ya mji, ya kununua na kuuza, ambako wewe huna sauti. Na maneno yatakuwa: nimelalamika, wamefuta. Hapo kuchelewa kwa sofa hakuna tena anayekujadili, kinachojadiliwa ni kuficha.

Kitu tulichokizima haraka ni tangazo. Watu wengi hawalifikirii hili. Posti ile ilikuwa inalipiwa, maana yake kila saa hela ya mama ilikuwa inaisukuma kwa watu wapya, na chini ya picha komenti iliyochangamka kuliko zote ilikuwa ile. Tuliingia `Ads Manager` tukasimamisha tangazo. Posti yenyewe tuliiacha mahali pake. Kuifuta posti nzima ni sawa na kufuta komenti, tofauti ni ukubwa tu.

Sasa jibu. Nilikuwa na rasimu kichwani, lakini kabla ya kuiandika nilimuuliza mama maswali mawili ambayo nadhani ndiyo yaliyoamua kisa hiki.

La kwanza: sofa itakuwa tayari lini, kwa kauli ya fundi, si kwa kauli yako? Alimpigia fundi mkuu palepale. Kitambaa kilikuwa kinaingia Jumatatu asubuhi na basi la Dar. Kukata na kushona, Jumanne. Kuvalisha, Jumatano. Fundi akasema Alhamisi kirikuu inaweza kupakia. Mama akataka kuandika Alhamisi, mimi nikasema tumwambie Ijumaa. Ahadi ya pili kwa mtu uliyemvunjia ya kwanza lazima iwe na siku moja ya akiba, kwa sababu basi linaweza kuchelewa na umeme unaweza kukatika cherehani zikiwa katikati ya kazi. Ukifika Alhamisi na uliahidi Ijumaa, umefika mapema. Ukifika Ijumaa na uliahidi Alhamisi, umechelewa mara ya tatu.

La pili: akisema nirudishieni hela yangu, ipo? Alinyamaza kidogo. Laki nane ile ilikuwa imeshakuwa mbao, sponji, na sehemu ya mishahara. Hilo ni la kawaida katika biashara za advansi, na ndilo linalofanya "tutakurudishia hela yako" kuwa sentensi ya hatari kuliko zote unazoweza kuandika hadharani. Ukiiandika na mteja akakubali, halafu ukaanza kumwambia Jumanne, mara Ijumaa, basi lile jina alilokupa mwanzo umelithibitisha wewe. Nilimwambia kama haipo hatuandiki neno la kurudisha, tutataja tarehe ya sofa tu. Akaangalia salio lake, akahesabu na malipo ya seti nyingine iliyotoka siku hiyo, akasema ipo. Ndipo tukaandika, kwa akaunti ya ukurasa na si ya kijana binafsi:

"Habari dada, pole sana kwa kusubiri muda wote huu. Ni kweli oda yako imepita tarehe tuliyokuahidi, na kuchelewa huko ni kosa letu. Fremu na sponji vimekamilika, imebaki kushona na kuvalisha. Leo kabla ya saa nne usiku tunakupigia kwa namba uliyowekea oda ili uchague mwenyewe: tukuletee sofa kwa tarehe tutakayokupa, au tukurudishie advansi yako yote. Tukishamalizana tutarudi hapa hapa kuandika tulipofikia."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna jina lake, kiasi, mji, wala rangi. Hakuna "tungependa kuwahakikishia wateja wetu", sentensi ambayo mtu mwenye hasira huisoma kama ukuta. Hakuna "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", kana kwamba usumbufu ulijitokeza wenyewe kama mvua. Kilichomo ni kukubali kile ambacho daftari limekithibitisha, hali halisi ya kazi ilipofikia, na hatua moja yenye saa yake ambayo yeyote anayesoma anaweza kuipima. Sentensi ya mwisho, ile ya kurudi hapa hapa, ndiyo inayotofautisha jibu hili na "njoo inboksi". Mambo ya ndani tunayapeleka ndani kwa sababu ni yake binafsi, ila tunaahidi kutoka tena nje.

Kukubali kosa kuna mpaka wake. Hapa tulikubali kwa sababu tarehe zilikuwa mbele yetu kwa maandishi. Lalamiko likiwa la namna nyingine, kwamba mtu ameumwa tumbo baada ya kula kwako, au kaibiwa simu chumbani kwenye nyumba yako ya wageni, au kaumizwa na mfanyakazi wako, usikubali wala kukana kabla hujajua. Andika kwamba umeliona, kwamba unazungumza na waliokuwa zamu, na utajibu hapo hapo kesho saa tatu asubuhi. Kisha saa tatu ijibu kweli, hata kama ni kusema bado unafuatilia. Vivyo hivyo kama komenti imeingia saa sita usiku na daftari liko dukani. Saa moja au mbili za kuhakiki hazimuui mtu, lakini kimya cha kuamkia kesho bila neno lolote kinasomeka kama kukimbia.

Mama alipiga simu saa tatu na nusu usiku. Mimi nilimsihi kitu kimoja tu, kwamba asianze na rangi. Dada yule alifoka kwa dakika kadhaa, mama akamwacha amalize, akamwita "mwanangu", akamwambia anajua laki nane si hela ya kuokota. Kisha akampa chaguo. Alichagua sofa, Ijumaa, kwa sharti kwamba usafiri wa Arusha hadi Moshi asilipe yeye. Mama akakubali. Ombi la kufuta komenti halikutajwa, na hilo lilikuwa la makusudi. Ukimwambia mteja "basi naomba ufute ile", amani mliyoijenga inageuka biashara ya kununua ukimya, na akiamua kuandika kwamba uliomba afute, huna jibu.

Tukarudi kwa wale wengine chini ya uzi. Yule wa "hata mimi walinifanyia hivyo hivyo" hatukumpata kwenye daftari kwa jina lake la Facebook. Kijana alikuwa na hakika ni mtu wa karakana nyingine. Inawezekana. Lakini watu wengi wanatumia majina ya mtandaoni yasiyo yao, na oda nyingi huwekwa na mume huku analalamika mke. Ukiandika "wewe si mteja wetu" halafu ikawa ni mke wa mteja, umekwisha. Tukaandika: "Pole kwa hilo. Tumeangalia oda zetu hatujaipata kwa jina hili. Tafadhali tutumie inboksi tarehe uliyoagiza na namba iliyotumika, tuifuatilie leo leo." Hakutuma kitu, na hakuandika tena. Hapo "inboksi" ilikuwa mahali pake, kwa sababu namba ya simu haiombwi hadharani, na msomaji ameona tumeomba nini na kwa nini.

Aliyesema alikuwa anataka kuagiza hatukumjibu usiku ule. Ungemwambia nini? "Agiza tu, usiogope"? Tulimwacha asome.

Kuna mwingine aliyetaka mabishano. Kila tulichoandika alikuja na "maneno tu hayo". Kanuni yangu ni kwamba mtu mmoja namjibu hadharani mara mbili kwa upeo, ya tatu ni kazi yenyewe ndiyo inajibu. Uzi ukirefuka, posti inazidi kuchangamka na kuwafikia watu zaidi, na sauti yako inazidi kuchoka.

Jumatatu kitambaa kilikuja. Jumatano jioni fundi alimtumia mteja picha ya seti ikiwa imevalishwa upande mmoja, kwa WhatsApp yake, si ukurasani. Alhamisi mchana kirikuu iliingia Moshi. Ijumaa asubuhi, chini ya jibu letu la kwanza, tuliandika: "Tulirudi kama tulivyoahidi. Sofa imefika kwa mteja jana na usafiri tumeugharamia sisi. Tunamshukuru kwa kutuvumilia." Picha ya sofa ikiwa sebuleni kwake tulikuwa nayo, nzuri mno, dereva aliipiga. Hatukuiweka. Sebule ni ya mtu, na hatukuwa na ruhusa yake.

Saa chache baadaye mwenyewe aliandika: "Nimepokea, sofa nzuri sikatai. Ila mjirekebishe kwenye muda, mnatesa watu."

Mama aliniuliza kama hiyo sehemu ya pili inaweza kuondolewa. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye thamani. Komenti isemayo "sofa nzuri" kutoka kwa mtu aliyekuita tapeli wiki iliyopita ingetiliwa shaka, watu wangesema kapewa hela. Ile "ila mjirekebishe" ndiyo inayomfanya msomaji aamini kwamba huyu ni mteja halisi anayesema ukweli wote, pamoja na ule wa kwamba sofa ni nzuri. Tukajibu kwa sentensi moja: "Umesema kweli dada, tunalifanyia kazi." Instagram, ambako alikuwa ameandika malalamiko yale yale, tuliweka taarifa yetu ya mwisho juu kwa kitufe cha `Pin`, ili anayefungua komenti aanze na mwisho wa habari.

Yapo mambo ambayo sikuyafanya na ambayo ninashauriwa mara kwa mara. Kuomba ndugu na marafiki wajaze komenti za sifa, mojawapo. Zinaonekana. Kumi zinazofuatana ndani ya saa moja, zote "huduma bora kabisa", chini ya lalamiko moja lenye tarehe na kiasi, zinaliongezea uzito lile moja. Jingine ni kumtishia mtu polisi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuchapisha uongo kunaweza kumpeleka mtu pabaya, kwa hiyo wenye biashara wanaikumbuka upesi wakikasirika. Mtu akikutungia uongo mzito, kwa mfano kwamba unauza bidhaa za wizi, na hujawahi kumuuzia kitu, piga picha za komenti zikionyesha tarehe na kiungo cha akaunti yake, andika jibu moja fupi la kukana, kisha mwone wakili. Lakini mteja ambaye una hela yake na hujampa mzigo wake, kumtishia kwa sheria mbele za watu ni kumpa kila anayesoma sababu ya kukuogopa. Na wakili mzuri atakuuliza kwanza kuhusu hiyo hela.

Wiki ileile tulikaa karakanani, kwa sababu jibu zuri halitibu kitu kama malalamiko ya aina moja yataendelea kuja. Tulipitia daftari na kukuta oda nyingine mbili zilizokuwa zimepita tarehe, wenye nazo wakiwa bado hawajaandika popote. Mama aliwapigia mwenyewe kabla hawajakasirika. Mmoja alishangaa kupigiwa.

Daftari sasa lina safu mpya, tarehe tuliyoahidi, na pembeni yake tarehe mpya kama mteja amebadilisha chochote, ikiwa na ujumbe wa WhatsApp unaoithibitisha. Chini ya kila posti inaandikwa kwamba kazi inachukua siku 21 tangu kitambaa kupatikana, na kwamba rangi ikibadilishwa siku zinahesabiwa upya. Ile sababu ya rangi ambayo mama alitaka kuitoa usiku wa Jumamosi imepata mahali pake hapo, ambapo anayeagiza anaisoma kabla ya kulipa. Simu za wateja wenye oda iliyochelewa hazipokelewi na kijana tena. Anazipokea mama, na haruhusiwi kusema kesho mpaka awe ameuliza fundi.

Tangazo tuliliwasha tena baada ya siku kadhaa, kwenye posti ileile, komenti zote zikiwa mahali pake. Mama hakulala vizuri usiku huo. Aliyeuliza bei wa kwanza alikuwa mtu wa Babati, na swali lake la pili lilikuwa: "Hizo siku 21, kitambaa cha kijivu mnacho hapo Arusha au mpaka kitoke Dar?" Mama alimjibu kwamba kijivu kipo, mita za kutosha seti mbili.